Picha moja haitoshi kuhukumu mfuko wa uyoga

Mlimaji wa uyoga aina ya plerote kule Pangi akiona doa ndani ya mfuko, mara nyingi anapiga picha kwa simu na kuituma kwa mtu anayemwamini Kindu au Bukavu. Jibu linarudi haraka: "Tupa!" au "Acha, ni kawaida." Majibu yote mawili yanaweza kumletea hasara, kwa sababu picha moja haionyeshi kile kinachotofautisha uyoga na ukungu wa kijani, yaani mwendo wa doa.

Ukungu huo, ambao wataalamu wanauita trikoderma, hauanzi ukiwa kijani. Siku za kwanza ni mweupe, kama nyuzi za uyoga zenyewe. Rangi ya kijani inatokea pale unapotoa vumbi la mbegu zake, kwa kawaida kuanzia katikati ya doa. Kwa hiyo anayengoja kuona kijani ndipo aamue, anaamua wakati vumbi hilo liko tayari kuruka kwenye mifuko ya jirani. Naye anayetupa kila cheupe anaweza kutupa mavuno yake mwenyewe.

Dawa yake ni kalamu na subira ya siku moja. Tuseme mtu ana mifuko 20 ya majani ya mpunga, na siku ya 7 mfuko mmoja una doa jeupe la sentimeta 2, mbali na mahali alipoweka mbegu. Achore mstari wa wino juu ya plastiki kufuata ukingo wa doa, kisha apige picha. Kesho yake, saa ileile, apige tena upande uleule. Nyuzi za plerote kwa kawaida zitakuwa zimevuka mstari kidogo tu, chini ya sentimeta 1, nazo ni nene kama pamba. Trikoderma itakuwa imeuacha mstari mbali, ikiwa nyembamba na bapa, na katikati yake pengine imeanza kuwa kijani kama unga. Mahali inapokutana na nyuzi za uyoga, mara nyingi kunabaki mpaka wa rangi ya manjano au kahawia.

Picha yenyewe nayo inaweza kudanganya. Taa ya sola inaweza kuufanya weupe uonekane kama buluu, na mwanga wa simu unarudishwa na matone ya maji yaliyo ndani ya plastiki. Afadhali kupiga mchana kivulini, bila mwanga wa simu, na karatasi nyeupe kando ya mfuko. Rangi ya karatasi ikibadilika kwenye picha, basi rangi ya doa nayo si ya kuaminiwa. Majani ya mpunga yaliyokatwa yakiwa bado mabichi nayo yana kijani, ila hicho kinafuata umbo la jani wala hakienei. Na maji ya manjano yanayokusanyika kando ya nyuzi za uyoga si lazima yawe ukungu.

Mtumaji apige pia picha ya mfuko mzima, si ya doa peke yake. Doa likiwa shingoni, karibu na kizibo, mara nyingi uchafu uliingia wakati wa kuweka mbegu. Likizunguka tundu la plastiki, lilipitia hapo. Lakini madoa mengi yakitokea katikati, katika mifuko mingi iliyopikwa pamoja, lawama iende kwenye pipa: mvuke haukufika ndani, au majani yalikuwa na maji mengi kupita kiasi. Pumba nyingi za mchele nazo zinaulisha ukungu huo kuliko zinavyousaidia uyoga. Kutupa mifuko bila kurekebisha upikaji ni kungoja hasara ileile mara ya pili.

Katika siku hiyo ya kungoja, mfuko unaoshukiwa usikae kati ya mingine. Uondolewe polepole bila kufunguliwa, uwekwe chumba kingine au nje mahali pa kivuli. Kijani kikithibitika kabla uyoga haujajaza mfuko, mfuko huo upikwe tena ukiwa umefungwa, kisha uzikwe mbali na nyumba ya uyoga. Kuufungua ndani ili kukwangua doa ni kumwaga vumbi lake juu ya mifuko mingine 19.

Wale wanaotumiwa picha wana wajibu pia. Kabla ya kusema "tupa" au "acha", waulize mfuko una siku ngapi, doa liko wapi, na jana lilikuwa na ukubwa gani. Kama mtumaji hana jibu la swali la tatu, jibu la haki ni moja: "Chora mstari, utenge mfuko, tuma picha nyingine kesho."