Daftari la wiki: Hodi kwenye kundi la wasiojuana

Jumatatu

Asubuhi nilikuwa dukani kwa mwenyeji wangu wa Mtaa wa Uhuru, Kariakoo, auzaye vitenge na kanga kwa jumla. Mteja wa mikoani akishanunua mara moja, anapewa kiungo cha kundi la WhatsApp la duka. Kundi lina watu zaidi ya mia tatu sasa, wa Songea, Kigoma, Tunduma na kwingineko, na wengi wao hawajawahi kuonana hata siku moja.

Saa tatu hivi ilijiunga namba mpya, ikaandika neno moja: "Mambo." Wawili wakajibu "Poa," kukawa kimya. Saa nzima ikapita, ndipo namba ile ikauliza, "Bei gani?" Mwenyeji wangu akaandika, "Bei ya nini, ndugu yangu? Na uko wapi?" Jibu lilikuja alasiri: vitenge, Njombe. Wakati huo mzigo wa Nyanda za Juu Kusini ulishafungwa na kupelekwa kwenye gari. Mteja alikuwa na fedha, muuzaji alikuwa na mali, na siku ikapotea kwa sababu ya utangulizi uliokosekana.

Ana kwa ana, "Mambo" inatosha. Ukiingia dukani ukasema hivyo, muuzaji anakuona umesimama mbele ya vitenge, anasikia lafudhi yako, anajua umetoka safari kwa begi ulilobeba. Kwenye simu hayo yote hayapo, na salamu isiyo na kitu nyuma yake inamwachia mwenyeji kazi ya kukuhoji.

Jumanne

Leo nimefikiria shikamoo. Salamu zetu zinategemea macho: kabla ya kufungua mdomo tumeshapima umri wa mtu. Kwenye kundi la wageni namba haina mvi. Ndiyo maana watu huandika "Wakubwa shikamooni, wadogo hamjambo," na mimi naona ni njia ya heshima kabisa, kwa sababu kila mmoja anachukua iliyo yake. Kinachokosewa ni kumchagua mtu mmoja kwa picha yake ukampa shikamoo au "Mambo vipi." Picha inaweza kuwa ya mjukuu, au ya marehemu mzazi.

Wakati nao una mtego wake. "Habari za asubuhi" ya saa moja itasomwa na mwingine saa tatu usiku. "Habari za wakati huu" au "Habari zenu nyote" haichachi. Upande wa dini, Kariakoo ni ya wote: msikiti na kanisa haviko mbali. Kundi likiwa la dini, anza kwa salamu ya dini hiyo. Likiwa la biashara au la wapangaji wa jengo, "Hodi humu ndani, habari zenu" inamfikia kila mtu, na neno hodi lenyewe linasema kwamba unajua umeingia nyumbani kwa watu.

Jumatano

Nimeomba simu za watu watatu wa kundi moja, nikatazama mgeni anavyoonekana kwao. Kwa asiyekuwa na namba yako, WhatsApp inaonyesha namba, na pembeni alama ya ~ ikifuatiwa na jina ulilojiandikia mwenyewe. Nimekuta "~Mungu Mwema," "~Mama Wawili," na nukta peke yake. Hakuna hata mmoja kati ya hao unayeweza kumwita. Kwa hiyo usidhani jina lako limeshaonekana. Liandike ndani ya ujumbe.

Liandike mapema pia. Simu ikiwa imefungwa, mtu huona mistari michache tu ya mwanzo, na ujumbe mrefu ukifunguliwa hukatwa katikati mpaka msomaji aguse sehemu ya kuendelea. Atakayeanza na dua ya mistari sita, jina lake litabaki chini ya mkato huo.

Alhamisi

Mzee mmoja pale Gerezani amenikumbusha kadi za salamu za redio. Msikilizaji aliandika jina lake na mahali alipo, akataja anaowasalimu, akamaliza kwa ujumbe. Mtangazaji alisoma kadi nyingi kwa kipindi kimoja, kwa hiyo kila neno lilihesabiwa. Watu wa Mtwara na wa Bukoba walijuana kwa majina miaka mingi bila kuonana. Sisi tulikuwa na mtindo wa kujitambulisha kwa wasiotujua zamani kabla ya simu hizi.

Nimeuchukua mtindo huo nikaliandikia kundi la Mtaa wa Uhuru mfano. Tuseme mgeni anaitwa Zawadi:

"Hodi humu ndani, habari zenu nyote. Naitwa Zawadi, nina duka la nguo Njombe mjini. Nimepewa kiungo na mwenye duka nilipofika kununua mwezi uliopita. Natafuta vitenge vya jumla, na nitashukuru kumjua anayesafirisha mzigo kwenda Njombe."

Ni sentensi nne. Ya kwanza ni hodi. Ya pili inajibu wewe nani na uko wapi. Ya tatu inataja aliyekuleta, na kwa watu wa sokoni hiyo ndiyo yenye uzito, kwa sababu mgeni mwenye mwenyeji anaweza kuulizwa habari zake. Ya nne inasema unachotaka, ili mwenye jibu ajibu bila kukuhoji. Umri, idadi ya watoto na historia ya biashara vitajulikana mbele ya safari.

Kabla ya kutuma, gusa jina la kundi juu ya kioo usome maelezo yake. Kwa kawaida mazungumzo ya kabla hujaingia huyaoni, na kanuni huwa zimeandikwa hapo: pengine matangazo ni siku fulani tu, pengine bei haziulizwi hadharani. Zikija "karibu" ishirini, "Asanteni sana" moja inawatosha wote.

Ijumaa

Utangulizi mzuri una hatari yake, nayo lazima isemwe. Ukishasema wewe ni mgeni na unatafuta mzigo, tapeli aliyejificha humo naye amesoma. Atakufuata pembeni akiwa na jina na picha ya admini, atakupa bei nzuri kuliko ya kundi, ataomba utangulize nusu ya fedha. Jina na picha vinaigwa kwa dakika moja, lakini namba haifanani. Fungua orodha ya wanakundi, tazama namba iliyoandikwa kuwa ni ya admini, uilinganishe tarakimu kwa tarakimu na hiyo iliyokuandikia, kisha piga simu usikie sauti. Ujumbe mfupi wa kitapeli unaweza kuupeleka namba 15040 ya TCRA.

Kwa sababu hiyo hiyo, mtaa na mji vinatosha kwenye utangulizi. Namba ya NIDA, picha ya kitambulisho, siku unayosafiri na fedha za kununulia mzigo, hayo si ya kuandikia watu mia tatu.

Jumamosi

Nimerudi Mtaa wa Uhuru. Mwenyeji wangu alimpelekea yule mteja wa Jumatatu mfano wa utangulizi, naye jana akaandika upya: jina lake, duka lake, Njombe, aina ya vitenge. Kabla mwenye duka hajajibu, alijibu mama mmoja wa Makambako aliyekuwa kimya kundini tangu aingie. Naye huagiza vitenge, na mzigo wake hupita njia ile ile.

Leo marobota mawili yamefungwa pamoja, yameandikwa majina mawili kwa kalamu nene, na gharama ya gari wamegawana. Mwenyeji wangu ameniambia wanawake hawa wote wawili ni wateja wake, na hakuna aliyejua mwenzake yuko wapi.