Imeili ya Ajenti Sio Imeili Yako

Wasee wa Kakamega, leo nakuja kwa wale majamaa wa saiba wanaojiita maajenti wa Kanada. Mtu anakuletea pasipoti, vyeti na pesa ya mzazi aliyeuza ng'ombe, halafu unamfungulia akaunti ya viza kwa imeili yako wewe. Ati "ndio nifuatilie vizuri." Wacha hizo. Unashika ufunguo wa nyumba ya mwenyewe ndio akuje kwako kila siku.

Chukua mfano wa dada mmoja hapa Lurambi, tumuite Nekesa. Ajenti ametuma ombi lake la kibali cha kusoma Kanada. Dola 150 za Kanada za ombi zimelipwa, na 85 za alama za vidole. Halafu ajenti anafunga duka na simu yake inakuwa mteja hapatikani. IRCC, ile idara ya uhamiaji ya Kanada, hutuma barua ya alama za vidole kwa akaunti, na taarifa inaingia kwa imeili. Kutoka hiyo barua Nekesa ana siku 30 za kwenda Nairobi kupigwa alama. Siku zinahesabika na yeye hata hajui barua ilikuja.

Sasa sikia ushauri wa mtaa. Wa kwanza anasema, "Tuma ombi lingine." Ulipe mara ya pili, halafu ofisi ibaki na mafaili mawili ya mtu mmoja, pengine yenye majibu tofauti? Wa pili anasema, "Waambie imeili ilidukuliwa." Huyo ndiye mbaya zaidi. Ukipatikana umedanganya kuhusu jambo la maana kwa ombi lako, Kanada inaweza kukufungia miaka 5. Na hapa uongo ni wa nini, na ukweli hauna aibu?

Njia ni hii. Akaunti ya zamani wachana nayo, ombi ndilo la maana. Unafungua GCKey mpya kwa imeili yako, halafu ndani ya akaunti mpya unaunganisha ombi ambalo tayari lilitumwa. Wataitisha namba ya ombi, jina la ukoo, tarehe ya kuzaliwa na maelezo mengine kama yalivyo kwenye fomu. Namba ya ombi iko kwa barua yoyote ya IRCC, kwa hivyo tafuta hata ile picha ajenti alikutumia Wasapu.

Ukijaza ukweli na mfumo ukatae, shtuka. Pengine ajenti alikosea herufi ya jina au tarehe. Pengine hakutuma kitu, na ombi ambalo halijatumwa haliwezi kuunganishwa.

Hapo ndipo unaandikia ofisi kupitia fomu ya mtandaoni ya IRCC. Utaandika kwa Kiingereza au Kifaransa, lakini usiwape hadithi ya ng'ombe. Anza na jina kama lilivyo kwa pasipoti, tarehe ya kuzaliwa, namba ya pasipoti na namba ya ombi. Halafu sema mambo manne tu: ombi lilitumwa na mtu niliyemlipa, kwa imeili ambayo siwezi kuifikia, imeili yangu kuanzia leo ni hii, naomba mnitumie tena barua zote, na kama kuna siku ya mwisho imepita, mniongezee muda. Ambatisha picha ya pasipoti na risiti. Kuongezewa muda si haki yako, lakini asiyeomba hapewi.

Kama ajenti aliandikishwa kuwa mwakilishi wako, jaza fomu IMM 5476 kumuondoa, la sivyo ofisi itaendelea kuongea na yeye. Kama alikula pesa yako na hakujiandikisha popote, hapo ndio ujue ulikuwa na nani. Kanada inataka anayelipwa kwa kazi hiyo awe wakili au mshauri mwenye leseni, na ombi lako liseme yuko.

Ukishaingia, usikimbilie barua peke yake. Soma fomu yote. Kuna maajenti hutunga taarifa za benki na kazi ambazo hujawahi kufanya, na jina lililo hapo chini ni lako. Ukikuta uongo, uripoti na urekebishe kabla afisa hajauona.

Na wewe wa saiba, kazi yako ni kuchapa, kuskani na kulipwa. Imeili iwe ya mteja, paswadi aiandike mwenyewe, na namba ya ombi aondoke nayo kwa karatasi. Ukikataa hayo matatu, wewe si ajenti. Wewe ni mtu ameshikilia pasipoti ya wenyewe.