Umepigwa kalamu kwa WhatsApp? Mdosi Anaweza Kuwa Sawa kwa Meseji na Bado Apoteze Kesi

Saa tatu usiku fone inalia. Unadhani ni mtu wa mkopo, kumbe ni meneja: "Usikuje kesho. Tutakutumia pesa zako." Hakuna salamu, hakuna sababu. Dakika mbili baadaye unaona umetolewa kwa grupu la kazi, na ukijaribu kupiga simu, hakuna mtu anashika.

Hii mambo imekuwa kawaida Kanairo na hata nje ya Nairobi, kwa mahoteli, maduka ya simu, saluni, shule za kibinafsi na hata maofisi yenye watu wanavaa tai. Na kila mara ikitokea, wasee wanagawanyika mara mbili. Kuna wale wanasema "hiyo si barua, ni bure, enda kazini kesho kama kawaida." Kuna wale wanasema "mdosi ameshaongea, zoea tu." Wote wamekosea kidogo, na kukosea hapo kunaweza kukumaliza doo.

Tuanze na meseji yenyewe. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 35, inasema mtu anayelipwa kwa mwezi anafaa kupewa notisi ya siku 28, na notisi hiyo iwe kwa maandishi. Haisemi karatasi. Haisemi muhuri. Halafu kuna Sheria ya Habari na Mawasiliano, ambayo inasema pale sheria inapotaka kitu kiwe kwa maandishi, kikiwa kwa njia ya elektroniki na kinaweza kufunguliwa tena baadaye, hicho ni maandishi. Hata mahakama zenyewe, tangu 2020, zinaruhusu mtu kupelekewa samansi kwa WhatsApp. Sasa ukienda mbele ya jaji na hoja yako yote ni "walinifuta kwa WhatsApp badala ya barua", jipange kurudi nyumbani mapema.

Sauti ni stori ingine. Mdosi akikutumia ile ya kurekodi ya sekunde kumi na tano akisema kazi imeisha, hayo si maandishi. Kutolewa kwa grupu pia si notisi. Lakini usivifute, kwa sababu vitakusaidia kuthibitisha kitu kimoja muhimu sana tutakachofikia hapa chini.

Kwa hivyo meseji inaweza kuwa notisi. Shida ya mdosi iko mahali pengine kabisa, na hapa ndipo wengi wao huanguka: kifungu cha 41. Hicho kinasema kabla ya kumfuta mtu kwa sababu ya utovu wa nidhamu, kazi mbovu au ugonjwa unaomzuia kufanya kazi, lazima kwanza umwelezee sababu, kwa lugha anayoielewa, akiwa na mfanyakazi mwenzake au mwakilishi wa chama wa kuchagua mwenyewe. Halafu umsikize yeye na huyo mwenzake. Halafu ndio uamue. Soma hiyo tena polepole, uone mpangilio: sababu, kusikizwa, uamuzi. Meseji ya "usikuje kesho" imeanza na uamuzi. Yale mawili ya kwanza hayakuwahi kutokea.

Na usidanganywe eti ukiwa umeshukiwa kuiba hiyo haki inapotea. Hata kwa makosa makubwa, yale yanayoruhusu kufutwa papo hapo chini ya kifungu cha 44, kifungu cha 41 bado kinasema usikizwe. Mdosi anaweza kukuruka notisi, hawezi kuruka masikio yake.

Je, huko kusikizwa kunaweza kufanyika kwa chati? Swali zuri, na jibu linawashtua wengi. Mwaka 2010, kwa kesi moja ya KRA, Mahakama ya Rufaa ilisema kusikizwa si lazima kuwe kwa mdomo, kunaweza kuwa kwa kuandikiana barua. Kwa hivyo mdosi mjanja anayekuandikia tuhuma, anakupa siku kadhaa ujibu, anakuambia unaweza kuja na mwenzako, na anasoma majibu yako kabla ya kuamua, huyo amejikinga vizuri. Lakini kuulizwa "mbona pesa haziko?" saa mbili usiku, ukajibu "sijui boss", halafu saa mbili na dakika tano umefutwa, huko si kusikizwa. Huko ni kuhukumiwa na mtu aliyechoka.

Ukipunguzwa kwa sababu biashara imekuwa noma na si kwa kosa lako, njia ni tofauti, kifungu cha 40. Hapo wewe na ofisa wa leba lazima mwandikiwe angalau mwezi mmoja kabla, na ulipwe siku 15 za mshahara kwa kila mwaka mzima uliofanya kazi. Meseji ya jana usiku haiwezi kutimiza mwezi mmoja, hata iandikwe na wakili.

Sasa tuseme kuna weita pale mjini, analipwa 24,000 kwa mwezi. Amefanya kazi miaka miwili na miezi minne, na likizo za ile miaka miwili alishachukua. Tarehe 12 Machi jioni kaunta inakosa 3,500. Usiku anapata meseji: "Umefutwa, tumejua ni wewe." Hakuna aliyemuita, hakuna aliyeonyeshwa risiti, na zamu hiyo walikuwa watu watatu wanashika pesa.

Anadai nini? Siku 12 alizofanya kazi Machi ni zake bila mjadala. Likizo ya ile miezi minne ni siku 7, kwa sababu sheria inahesabu siku 1.75 kwa kila mwezi. Mshahara wa mwezi mmoja badala ya notisi, 24,000. Na cheti cha kuonyesha alifanya kazi hapo, ambacho ni haki yake hata kama kweli aliiba. Juu ya hayo, mahakama ikiona alifutwa kwa njia isiyo ya haki, inaweza kumpa fidia mpaka mishahara 12, yaani 288,000.

Nimesema mpaka. Hapa ndipo watu huchomeka, kwa sababu wanasikia miezi 12 na kuanza kuhesabu kiwanja Kamulu. Miezi 12 ni dari. Jaji anaangalia umekaa hapo muda gani, una nafasi gani ya kupata jobo ingine, na kama wewe mwenyewe ulichangia hiyo shida. Weita wetu akipewa miezi mitatu ni 72,000, na hiyo si ajabu. Na kama mdosi atathibitisha kwa kamera kwamba kweli alichukua zile 3,500, anaweza kushinda kwa kukosa kusikizwa na bado apate kidogo sana.

Turudi kwa ile siri niliyosema. Kifungu cha 47 kinagawa kazi ya ushahidi: wewe unaonyesha ulifutwa, na kwa njia isiyo ya haki. Mdosi anaonyesha sababu ilikuwa ya kweli. Ile ya kwanza inaonekana rahisi mpaka uende kortini na umsikie mdosi akisema, kwa sauti ya upole kabisa, "Mheshimiwa, sisi hatukumfuta. Aliacha kuja kazini." Buda, hiyo ndiyo ngao yao namba moja. Ulipoambiwa usikuje, ulikaa nyumbani. Sasa kukaa nyumbani kumegeuzwa kuwa kosa, na kutoroka kazi bila ruhusa ni moja ya makosa makubwa kwa sheria.

Ndio maana meseji ya kukufuta, hata ikuume vipi, ni zawadi. Mdosi aliyekufuta kwa mdomo hana alama. Aliyekuandikia amekupa tarehe, saa na namba yake.

Jibu hiyo meseji. Usitusi, usiweke emoji za kilio. Andika kitu kama: "Nimepata meseji yako ya leo kwamba nimefutwa. Sijaelezwa sababu wala kusikizwa. Niko tayari kuja kazini kesho. Tafadhali nithibitishie." Akijibu "nimesema usikuje", amejifunga. Akinyamaza, nenda asubuhi mpaka getini ukiwa na mtu, na ukizuiwa, muandikie tena papo hapo: nimefika saa mbili, mlinzi amesema jina langu limetolewa. Hapo ile stori ya kutoroka inaanza kunuka. Tena mahakama zetu zimekuwa zikimuuliza mdosi anayedai mtu alitoroka: ulimtafuta? Ulimpigia? Ulimwandikia? Kama alikublock, majibu yake yatakuwa magumu.

Halafu linda chati. Mdosi akigundua amejichoma ataenda kwa "Delete for everyone", au utakuta alishawasha "Disappearing messages". Piga skrinshoti inayoonyesha namba yenyewe, si jina ulilomsevu, kwa sababu "Boss Mkubwa" ni jina ambalo mtu yeyote anaweza kuandika. Tarehe ionekane. Tumia pia "Export chat" ujitumie kwa barua pepe, na hiyo fone usiiuze kwanza. Ukifika kortini, Sheria ya Ushahidi, kifungu cha 106B, inataka cheti kinachoandamana na chapisho la chati: karatasi unayosaini ukieleza ni chati gani, ilitoka kwa simu gani na ulivyoichapisha. Mawakili wa upande ule hupenda sana kungoja mtu aliyesahau hiyo karatasi.

Kuna wale wako kwa kibarua cha kulipwa kila siku, na sasa mnajiuliza kama haya yote yanawahusu. Kweli, kibarua cha siku kinaweza kuisha jioni bila notisi. Lakini ukiwa umefanya siku mfululizo zinazofika mwezi mmoja au zaidi, kifungu cha 37 kinakugeuza na unahesabiwa kama mtu wa mwezi, notisi ya siku 28 na kila kitu. Zile meseji za M-Pesa za malipo ya kila jioni ndizo zitaonyesha hizo siku, so usizifute kutafuta nafasi ya video.

Mahali pa kuanzia ni kwa ofisa wa leba wa kaunti yako, ambapo hulipi kitu. Atamuita mdosi, na kesi nyingi ndogo zinaishia hapo kwa sababu hakuna mwenye hoteli anataka kuonyesha rejista yake ya mishahara. Ikifika kortini na mshahara wako haukuzidi 80,000 kwa mwezi, kesi inaweza kusikizwa na hakimu, si lazima ufike kwa majaji wa Mahakama ya Leba.

Malalamiko kwa ofisa wa leba yanafaa kufika ndani ya miezi mitatu tangu siku ya kufutwa. Weita wetu wa tarehe 12 Machi ana mpaka 12 Juni. Akichelewa hapo, bado ana miaka mitatu ya kwenda kortini. Lakini saa inaanza kuhesabu siku aliyopata ile meseji, hata kama mdosi amekuwa akimwambia kila mwisho wa mwezi "ngoja kidogo, tutaongea."