Kisanduku hakikai mahali pamoja! (Fomu 34A za Thika na Ruiru)

Tangu uchaguzi wa Agosti 9, 2022 kuna ugonjwa umetuingia sisi waandishi wa programu, na leo nitausema bila kuzungukazunguka.

Kijana anapakua Fomu 34A za Thika Mjini na Ruiru zilizowekwa na IEBC kwenye tovuti yake. Anafungua moja, anapima kwa kipanya kisanduku cha kura za mgombea kiko pikseli ngapi kutoka kushoto na ngapi kutoka juu. Anaviandika vipimo hivyo ndani ya programu, kisha anaiachia ikate mahali pale pale katika fomu zote. Kila kipande kinapewa Tesseract ikisome, tarakimu zinajumlishwa, na jioni jedwali liko mtandaoni na kelele juu yake: kura zimebadilishwa! Hapana bwana. Huenda ni wewe umesoma mstari wa jirani.

Naomba nieleweke. Wazo la kusoma kisanduku tu na kuacha ukurasa mzima silipingi, nalipenda sana. Anayetafuta kura hana haja na maandishi mengine yote ya fomu. Ninachopinga ni imani kwamba kisanduku kina anwani ya kudumu kwenye picha. Hakina. Fomu hizi zilipigwa picha vituoni kwa vifaa vya KIEMS, usiku, na watu waliochoka. Karatasi moja imelala sawa, nyingine imeinama, nyingine imepigwa kutoka mbali kidogo au kwa ubavu.

Tufanye hesabu. Chukua ukurasa wa A4 kwa nukta 300 kwa inchi: upana wake ni pikseli 2480. Uinamishe digrii 1 tu, ambayo jicho halioni, na ukingo wa kulia unahama pikseli 43 juu au chini ukilinganisha na wa kushoto. Kama mstari wa jedwali una urefu wa milimita 8, hizo ni pikseli kama 94, kwa hiyo umeshakata karibu nusu ya mstari mmoja na nusu ya mwingine. Hapo angalau utaona takataka na kushtuka. Sasa inamisha digrii 2: ukingo unahama pikseli 87, karibu mstari mzima. Kipande kitakuwa safi, tarakimu zitasomeka vizuri kabisa, ila ni za mgombea mwingine. Kosa hili ndilo ninaloliogopa, maana halina harufu.

Dawa si ngumu. Usipime kutoka ukingo wa picha, pima kutoka jedwali lenyewe. Tafuta pembe nne za jedwali kwa kufuata mistari yake, kisha linyooshe liwe mstatili wa ukubwa uleule kwa kila fomu:

```
M = cv2.getPerspectiveTransform(pembe, sawa)
safi = cv2.warpPerspective(picha, M, (1600, 1000))
```

Hapo `pembe` ni pembe nne ulizozipata kwenye picha na `sawa` ni mahali unapotaka ziwe. Baada ya hapo ndipo vipimo vya kisanduku vina maana. Kata ndani kidogo ya mistari, maana mstari wa wima ukiingia kwenye kipande husomwa kama tarakimu 1, na 107 inageuka 1107. Kituo kimoja hakiruhusiwi kuwa na wapiga kura zaidi ya 700, kwa hiyo nambari kama hiyo inajifichua yenyewe.

Utajuaje kwamba umenyoosha sawa? Katika mstari uleule wa kura kuna jina la mgombea, nalo limechapishwa. Kata jina kwa vipimo vilevile na ulisome. Jina lisipolingana, itupe hiyo fomu kwenye rundo la kukaguliwa kwa macho. Fanya vivyo hivyo kwa eneobunge: Thika Mjini ni 114, Ruiru ni 115, zote chini ya Kiambu 022. Tarakimu moja ikikosewa umehamisha kituo kizima kutoka Thika hadi Ruiru. Basi soma nambari, soma na jina lililo kando yake, na usikubali moja bila nyingine.

Haya, jambo la pili, na hapa nitawaudhi wengi. Kura zimeandikwa kwa kalamu. Tesseract ilizaliwa Hewlett-Packard kati ya 1985 na 1994, ikafunguliwa kwa umma 2005, na hata toleo la 4 la 2018 lenye mtandao wa neva lilifundishwa maandishi ya chapa. Mwandiko wa mkono si kazi yake. Lakini watu wanafanya hivi:

```
tesseract kipande.png stdout --psm 7 -c tessedit_char_whitelist=0123456789
```

`--psm 7` ni sawa, inasema kipande ni mstari mmoja. Ile orodha ya tarakimu ndiyo balaa. Haiongezi macho ya programu, inaizuia tu kutaja kitu kingine. Doa la wino au mkwaju ambao ungetoka kama alama ya ajabu sasa unaweza kutoka kama 1 au 4, umevaa suti na tai. Kwa chapa itumie. Kwa mwandiko inakuficha ushahidi kwamba programu haijui.

"Lakini mimi nakagua jumla," utaniambia. Vizuri, ukaguzi huo ni lazima. Tuseme kituo kimoja kina wagombea wanne wenye 107, 331, 2 na 3, na jumla iliyoandikwa ni 443. Programu ikisoma 107 kama 101, unapata 437 na kengele inalia. Sasa tazama: isome 107 kama 101, na 331 kama 337. Saba ya kwanza imekuwa moja, na moja ya pili imekuwa saba. Jumla? 443. Kengele kimya, na kura 6 zimehama kutoka kwa mtu mmoja hadi kwa mwingine. Kwa miandiko yetu, 1 na 7 ni ndugu wa tumbo moja, kwa hiyo hili si la kubuni kwa ajili ya kubishana.

Kwa hiyo kura asome mtu. Kazi ya programu iwe kukata kisanduku kwa usahihi na kumwekea mbele, kipande tu. Wasome watu wawili bila kuonana, na wakitofautiana asome wa tatu. Hivyo ndivyo kukata kisanduku kunavyolipa: msomaji hatafuti tena mstari kwenye ukurasa wenye vurugu.

Na kabla hamjapiga kelele tena 2027, kumbukeni Mahakama ya Juu Septemba 5, 2022 ilisema haikuonekana tofauti kubwa kati ya fomu zilizowekwa kwenye tovuti na zile halisi zilizofikishwa Bomas. Nani basi alileta tofauti kwenye majedwali yenu?

La mwisho. Fomu hiyohiyo ina majina, nambari za vitambulisho na sahihi za mawakala. Anayesoma ukurasa mzima "halafu nitachuja" anajikuta na faili la vitambulisho vya watu wa Thika na Ruiru kwenye kompyuta yake, na Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data tangu 2019. Mawakala wapo chini ya jedwali. Kata jedwali kwanza, hifadhi hilo tu, na picha nzima isiingie kabisa kwenye hifadhidata yako.