Mwenye Bajeti Ndogo Asigombee Maneno ya Wakubwa

Kampuni ndogo ya Moshi inayopandisha wageni Kilimanjaro, yenye dola 10 za matangazo kwa siku, ikinunua maneno `kilimanjaro climb` kwenye Google Ads inaingia mnada mmoja na mawakala wakubwa wa Ulaya na Marekani. Tuseme kila anayebofya tangazo anagharimu dola 2.50. Wakibofya wanne, fedha ya siku imekwisha, na pengine wawili kati yao walitaka tu kujua urefu wa mlima. Wakala mkubwa anaimudu hasara hiyo, maana mteja akipatikana atamuuzia na Serengeti, na Zanzibar.

Kwa maoni yangu kampuni hiyo iachane kabisa na maneno hayo, inunue marefu kama `rongai route 7 days private climb`. Anayeandika hivyo ameshachagua njia na idadi ya siku, na hataki kuchanganywa na kundi. Huenda ameshasoma kwamba Rongai huanzia kaskazini, karibu na mpaka wa Kenya, ambako mvua ni haba. Kilichobaki ni bei na tarehe. Tena Google haipangi matangazo kwa dau peke yake. Hupima pia kama tangazo na ukurasa vinajibu kilichoulizwa. Ukurasa unaoeleza Rongai siku kwa siku, kambi kwa kambi, na kutaja bei pamoja na ada za hifadhi, unaweza kumpita mwenye dau kubwa anayempeleka mgeni kwenye ukurasa wa safari zote za Afrika.

Wengi huharibikiwa kwenye mipangilio. Neno jipya huwekwa kwenye Broad match usipobadilisha, na hapo tangazo la Rongai huweza kumtokea hata anayetafuta ramani ya mlima au kazi ya upagazi. Chagua Phrase match, kisha fungua orodha ya Search terms kila wiki, uzuie `map`, `jobs` na mengine ya aina hiyo. Orodha hiyo haionyeshi kila kilichoandikwa, lakini inatosha kugundua fedha inavujia wapi.

Kosa la pili ni kurefusha kupita kiasi. Ukiona Low search volume, ujue wanaoandika maneno hayo ni wachache mno, na Google haitaonyesha tangazo mpaka waongezeke. Punguza, ubakize `rongai private climb`.

Hata hivyo, siku nyingine zitaisha na dola tano hazijatumika. Hapo ndipo wengi hukata tamaa na kurudi kwenye `kilimanjaro climb`. Mimi ningeandika ukurasa mwingine kamili wa Lemosho, wenye maneno yake na tangazo lake, nikalinganisha njia hizo mbili kwa dola zilizotumika kupata kila mgeni aliyeuliza bei. Idadi ya waliobofya nisingeihesabu.