Pini ya Marehemu Si Urithi

Na Kemunto Ondieki

Pesa zilizobaki kwenye simu ya marehemu ni mali ya mirathi, sawa na ng'ombe wake, shamba lake la chai na akiba yake ya benki. Sheria ya Urithi ya Kenya, Sura ya 160, ilianza kutumika tarehe 1 Julai 1981, karibu miaka 26 kabla ya M-Pesa kuzinduliwa, kwa hiyo haitaji simu popote. Haihitaji kuitaja. Kifungu cha 45 kinasema kwamba hakuna anayeruhusiwa kuchukua, kuuza au kuingilia mali ya marehemu ila kwa idhini ya sheria, na kosa hilo lina faini isiyozidi shilingi 10,000, au kifungo kisichozidi mwaka mmoja, au vyote viwili.

Huko Kisii na Nyamira kifungu hicho huvunjwa karibu katika kila matanga, mara nyingi bila nia mbaya. Mke anaijua pini ya mumewe, au kijana wa nyumbani ndiye aliyekuwa akimsaidia baba kutuma pesa. Mwili uko mochari, bili inapanda kila siku, na simu iko mezani. Wakala anatakiwa kuona kitambulisho cha mwenye laini kabla ya kutoa pesa taslimu, lakini kutuma pesa kwenda nambari nyingine hakuhitaji chochote zaidi ya pini. Ndiyo maana pesa za marehemu kwa kawaida hutumwa kwanza, ndipo zikatolewa kwa jina la aliye hai.

Jambo hili huacha alama. Taarifa ya M-Pesa huonyesha tarehe, saa na nambari iliyopokea, na cheti cha kifo huonyesha tarehe ya kufariki. Msimamizi wa mirathi akizilinganisha karatasi hizo mbili anapata orodha kamili ya waliochukua pesa baada ya mwenyewe kuaga. Hata hivyo, sheria ina huruma kidogo hapa, na huruma hiyo haijulikani vya kutosha. Aliyeingilia mali hujibu kwa kiasi alichochukua baada ya kutoa malipo ambayo msimamizi halali naye angeyafanya, na gharama za mazishi ya kadiri ni mojawapo. Aliyetuma shilingi 40,000 na ana risiti ya mochari ya shilingi 28,000 anadaiwa 12,000. Asiye na risiti anajiweka pabaya, hata kama kila senti iliishia kwenye jeneza.

Kuna hatari nyingine kwenye laini hiyohiyo. Ikiwa marehemu alikuwa na deni la Fuliza, michango ya mazishi inayotumwa kwa nambari yake hukatwa kulilipa deni hilo kabla ya familia kuiona. Nambari ya kupokea michango inafaa iwe ya mtu aliye hai, au akaunti iliyofunguliwa kwa kazi hiyo.

Njia halali ya kuzifikia pesa hizo ni moja kwa simu na kwa benki, na huanza kwa karatasi ndogo. Kibali cha mazishi hakitoshi. Kinachotakiwa ni cheti cha kifo kutoka kwa msajili. Kisha inahitajika barua ya chifu inayowataja waliobaki wote: mke au wake, watoto wa kiume na wa kike, walioolewa na wasioolewa. Hapa ndipo kesi nyingi za Gusii huzaliwa. Binti aliyeolewa Bomachoge au Bonchari huachwa nje ya barua kwa hoja kwamba ameshaondoka, ilhali Sheria ya Urithi haimtofautishi na kaka yake. Akijitokeza baadaye anaweza kuiomba mahakama iifute hati yote, na miezi ya kungoja inaanza upya.

Maombi hupelekwa kwa mahakama ya mahali marehemu alipoishi mwisho, si mahali tawi la benki lilipo. Katika mji kama Keroka, ambao mpaka wa kaunti hizi mbili unaupasua, hilo si jambo la kupuuza. Hakimu mkuu anaweza kusikiliza mirathi isiyozidi shilingi milioni 20, kwa hiyo akiba ya kawaida ya mkulima haina haja ya Mahakama Kuu. Tangazo huchapishwa katika Gazeti Rasmi la Serikali, na anayepinga hupewa siku zisizopungua 30. Pasipokuwa na pingamizi, hati ya usimamizi hutolewa. Palipo na mtoto mdogo, sheria haimpi mtu mmoja usimamizi peke yake, isipokuwa awe Mdhamini wa Umma au shirika la udhamini. Mjane basi huhitaji mwenzake, na kwa desturi za huku mwenzake huwa shemeji.

Hati hiyo humpa msimamizi uwezo wa kukusanya mali, si wa kuigawa. Ugawaji hungoja hati ithibitishwe, jambo ambalo kwa kawaida hufanyika baada ya miezi sita, ingawa mahakama inaweza kuufupisha muda huo kukiwa na sababu. Familia ambayo haiwezi kungoja, kwa mfano kwa sababu pesa ziko hatarini, inaweza kuomba hati yenye mipaka, ya kukusanya na kuhifadhi tu. Nayo familia ambayo marehemu wake aliacha kidogo inaweza kwenda kwa Mdhamini wa Umma, aliye chini ya ofisi ya Mwanasheria Mkuu. Yeye husimamia mirathi midogo kwa utaratibu mfupi na hukata ada yake humo humo.

Akaunti ya pamoja ni habari tofauti, na ndiyo inayogombanisha ndugu kuliko M-Pesa. Kanuni ya jumla, ambayo mahakama za Kenya zimeifuata mara nyingi, ni kwamba mali ya pamoja humwendea aliyebaki hai na haiingii kwenye mirathi kabisa. Kwa benki, hata hivyo, kanuni hiyo huanzia kwenye fomu ya kufungulia akaunti, na fomu hiyo ina mambo mawili ambayo watu huyachanganya. La kwanza ni nani atie sahihi, mmoja wao au wote wawili. Hili linahusu namna ya kutoa pesa wakati wote wako hai, wala halisemi pesa ni za nani. La pili ni kifungu kinachosema salio limwendee aliyebaki mmoja wao akifa. Kifungu hiki kikiwapo, benki ikimlipa aliyebaki baada ya kuona cheti cha kifo imemaliza wajibu wake. Kisipokuwapo, kwa kawaida benki huifunga akaunti na kudai hati ya mahakama.

Hata pale benki inapolipa, swali halijaisha, kwa kuwa kulipwa na kumiliki si jambo moja. Mwaka 1875 mahakama ya Uingereza iliamua kesi ya Marshal dhidi ya Crutwell. Mume aliyekuwa mgonjwa aliihamisha akaunti yake iwe kwa jina lake na la mkewe, ili mke aweze kutoa pesa za matumizi. Mume alipofariki miezi michache baadaye, mke alidai salio lote, akashindwa. Mahakama ilisema jina lake liliongezwa kwa urahisi wa shughuli, si kama zawadi. Uamuzi huo una uzito hapa kwa sababu Sheria ya Mahakama za Kenya, Sura ya 8, ilipokea kanuni za Uingereza kama zilivyokuwa tarehe 12 Agosti 1897. Nao unafanana mno na hali za Gusii: mama mzee wa Nyamache anaongeza jina la mwanawe anayeishi karibu na benki, au mkulima anaongeza la kaka yake kwa sababu yeye ndiye husafiri kwenda Kisii mjini.

Tuseme mkulima wa chai karibu na Nyansiongo amefariki bila wosia. Ameacha mke mmoja na watoto wanne, wa mwisho ana miaka 12. M-Pesa ina shilingi 62,000 na M-Shwari 25,000. Akaunti ya benki aliyofungua pamoja na kaka yake ina 380,000. Kwenye Sacco ana akiba ya 150,000, na fomu ya huko, aliyoijaza kabla ya kuoa, inamtaja mama yake.

Shilingi 62,000 ni za mirathi. Zile 25,000 ni za mirathi pia, ila zinahitaji ombi la peke yake, kwa kuwa M-Shwari ni akaunti ya benki inayofikiwa kwa simu. Anayeuliza salio la M-Pesa peke yake hataambiwa habari zake. Zile 150,000 za Sacco zinamwendea mama. Sheria ya Vyama vya Ushirika inaruhusu mwanachama kumteua wa kulipwa akifa, na mahakama zimeamua kwamba pesa za namna hiyo haziingii kwenye mirathi. Ndoa haikuifuta fomu ile. Mjane ataona ni dhuluma, na kweli ni dhuluma ya aina fulani, lakini dawa yake ilikuwa karatasi moja ambayo mume alipaswa kuijaza upya. Jamaa aliyetajwa kwenye fomu ya kawaida ya benki au ya laini ya simu ni jambo jingine: huyo ni wa kupigiwa simu tu, hana haki ya salio.

Zinabaki zile 380,000. Kaka ana kifungu cha aliyebaki hai, na benki imemlipa. Mjane akiwa msimamizi, kesi yake ni dhidi ya shemeji, wala si dhidi ya benki. Ushahidi utakaoamua ni taarifa ya akaunti. Ikiwa kila mwezi ziliingia pesa za majani kutoka kiwandani, na bonasi ikaingia kwa nambari ya mkulima ya marehemu, huku kaka hakuweka hata shilingi moja, mahakama ina msingi wa kusema alikuwa mshika pesa tu. Ikiwa wote wawili waliweka, au kaka anaweza kuonyesha kwamba marehemu alikusudia kumpa, basi pesa ni zake. Mjane akishinda, mirathi inakuwa 467,000. Akishindwa, ni 87,000.

Kwa vyovyote, kiasi hicho si cha mjane kukitumia apendavyo. Chini ya kifungu cha 35 anapata vyombo vya nyumbani moja kwa moja, na haki ya kunufaika na mali iliyobaki maisha yake yote, kisha watoto wagawane sawa. Kwa pesa taslimu mpangilio huo ni mgumu kutekelezwa, kwa hiyo familia nyingi hukubaliana mgawo na kuuwasilisha kwa hakimu wakati wa kuthibitisha hati. Watoto wazima hutia sahihi. Fungu la yule wa miaka 12 haliguswi kwa makubaliano ya wengine. Kama kungekuwa na wake wawili, kifungu cha 40 kingegawa kwanza kwa nyumba kulingana na idadi ya watoto, na kila mke akahesabiwa kama mmoja zaidi katika nyumba yake.

Pesa ambazo hakuna aliyezidai hazibaki simuni milele. Sheria ya Mali za Kifedha Zisizodaiwa ya mwaka 2011 huzitaka kampuni na benki zikabidhi kwa mamlaka husika salio lililolala kwa muda uliowekwa. Kwa akaunti za benki muda huo ni miaka mitano, na kwa pesa za simu ni mfupi zaidi. Kwa kubonyeza *361# mtu anaweza kuuliza kama kuna kitu chochote kwa nambari ya kitambulisho. Haki ya kudai haipotei pesa zikishahamishwa huko, lakini anayezidai kwa niaba ya marehemu bado atatakiwa kuonyesha mamlaka yake juu ya mirathi. Familia iliyokwepa mahakama ili kuokoa nauli ya kwenda Nyamira itairudia foleni ileile, safari hii kupitia Nairobi.