Cheo Kilichokwenda kwa Mwingine
Barua nyingi za kumjulisha mfanyakazi kwamba hakupata cheo alichoomba husema ushindani ulikuwa mkali, kisha humtakia kila la heri. Lugha hiyo inamtosha mwombaji wa nje, ambaye hatarudi. Huyu wa ndani kesho yuko mezani kwake, pengine chini ya yule yule aliyemshinda. Tuchukue mhasibu wa tawi la benki aliyeomba kusimamia kitengo cha mikopo. Meneja makini humwita kabla tangazo halijabandikwa ukutani, kisha humwandikia waziwazi: hesabu zako hazina dosari, ila kilichoamua ni ufuatiliaji wa wadaiwa sugu, na kwenye usaili hukutoa mfano hata mmoja wa mkopo uliochelewa ukaufufua; kuanzia mwezi ujao utashika mafaili matano ya aina hiyo na kuhudhuria kamati ya mikopo, tukae tena baada ya miezi sita. Maofisa utumishi watasema kutaja sababu ni kukaribisha malalamiko. Kwa kweli malalamiko hushika mizizi pale sababu inapokosekana, au inapopingana na alama za jopo, kwa hiyo barua isiseme lolote ambalo fomu za usaili hazisemi. Sifa za mshindi nazo ziachwe, hazimhusu. Na lile neno tamu, “zamu ijayo ni yako,” lifutwe kabisa: nafasi ijayo nayo itatangazwa, na meneja hana mamlaka ya kuigawa mapema.